Mlinzi Asiyetakiwa Kupigwa

Siku yake ya tatu kazini, mlevi aliyeletwa hospitalini kushonwa kichwa alimpiga mlinzi mpya kwa mguu wa kiti akamng'oa jino. Mlinzi yule mwanamke alilitema jino kiganjani, akalitia mfukoni mwa shati, kisha akamkumbatia mlevi kwa nyuma na kumbana mpaka daktari akamaliza nyuzi kumi na moja. Tangu hapo wakamwita Ngongoti, kwa jinsi alivyowapita wote, kama mtu aliyesimama juu ya miti. Alikuwa na mita moja na sentimita tisini na mbili bila viatu. Mumewe, fundi cherehani, alimfika kwapani, na hakuna suruali ya ulinzi aliyoacha kuiongezea pindo.

Urefu aliurithi kwa baba yake, mpasua mbao. Yule mzee alivunjika paja, akalazwa wiki tatu, na asubuhi aliyoruhusiwa kwenda nyumbani akakohoa, akashika kifua, akafa akiwa anafunga kamba za viatu. Watu walisema ni husuda. Ngongoti alikuwa na miaka kumi na sita.

Miaka kumi na minane alisimama kwenye mlango wa idara ya dharura, saa kumi na mbili kwa zamu, na kila aliyetaka kuingia na kisu alikutana naye kwanza. Alitiwa kabari, akachanwa mgongo kwa chupa, akang'atwa mkono na mama aliyefiwa. Huyo wa mwisho hakumlaumu.

Jumamosi moja adhuhuri alikimbizwa pale mchukuzi wa mizigo aliyechomwa kisu tumboni. Dakika kumi baadaye wakafika watatu waliomchoma, wamekuja kumalizia. Ikawa patashika. Wa kwanza Ngongoti alimpiga kichwa cha pua, akasikia mfupa ukilia. Wa pili alimrusha kwenye benchi la wagonjwa, benchi likakatika. Wa tatu, jamaa mnene mwenye kovu shingoni, akainama na kumchapa nondo kwenye shavu la mguu wa kushoto, mara mbili, kama anayekata mti. Ngongoti akaanguka juu yake kwa uzito wake wote na kumkalia mpaka polisi walipokuja.

Mfupa haukuvunjika. Akapewa siku tano za kupumzika, akazikaa kitini, mguu umefungwa bendeji, haendi hata dukani. Siku ya sita alirudi mlangoni. Mguu ule ulikuwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, ngozi imeiva kama imepigwa na jua. Alijiambia ni lile pigo. Mumewe akataka kuukanda kwa mafuta. Ukauma mno hata kuguswa, akamkataza. Ilikuwa bahati ambayo hakuijua.

Wiki hiyohiyo, mgonjwa aliyepandwa na wazimu alimnyakua muuguzi nywele na kuanza kumgonga kichwa ukutani. Ngongoti alimfikia kwa hatua nne. Alimkaba, akamvuta, na katikati ya mvutano pumzi ikamkatika, si pumzi ya uchovu, bali kama mtu aliyezibwa pua na mdomo. Ndani ya kifua moyo ulikuwa unarukaruka, unakimbia, unasita, unakimbia tena, hauna mpango. Hakuachia. Mlinzi mwenzake, askari mstaafu waliyemwita Sajini, alipomaliza kumfunga mgonjwa, ndipo akamwona Ngongoti anateleza ukutani, midomo imekuwa ya kijivu.

Safari hii alilazwa yeye kwenye kitanda alichozoea kukilinda. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo yasiyo na utaratibu. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha bonge la damu lililoziba mshipa wa mguu wa kushoto kuanzia shavu la mguu hadi juu ya goti, na vipande vyake vilikwisha kupanda na kukwama mapafuni; mguu ungekandwa, vingepanda vingi zaidi. Daktari, mama mfupi aliyefanya naye kazi miaka tisa, alivuta kigoda akakaa.

"Ile nondo ilianza kazi, na zile siku tano za kukaa zikaiendeleza," alisema. "Lakini na urefu wako umo."

Ngongoti akadhani anataniwa. Daktari akamweleza kwamba kwa mtu mrefu damu ya miguuni ina safari ndefu ya kurudi moyoni, na uzito wake unakandamiza mishipa ya chini. Damu ikipungua mwendo, huganda kwa urahisi zaidi. Tena warefu mara nyingi huwa na moyo mkubwa, vyumba vyake vipana, na ule umeme unaoongoza mapigo una nafasi kubwa ya kupotea njia. Si kwamba kila mrefu ataugua, wengi huzeeka salama. Hatari yao tu ndiyo kubwa kidogo. Mapafu yaliyoziba nayo huweza kuuvuruga moyo, kwa hiyo wangeupima tena baadaye.

Ngongoti akamweleza habari za baba yake. Daktari akasema hawezi kumpima marehemu, ila kama yeye angekuwepo siku ile, angeutazama mguu wa yule mzee.

Alipewa dawa ya kuzuia damu isigande, ili bonge lisikue wakati mwili wenyewe unaliyeyusha taratibu. Angeinywa miezi mitatu kwa uchache, pamoja na dawa ya kutuliza mapigo. Sharti likawa moja: asipigwe. Ngumi ya kawaida ya kichwani ingeweza kumvujisha damu ndani ya fuvu.

"Daktari, unaijua kazi yangu," alisema.

"Naijua. Ndiyo maana nakwambia."

Wakamweka nyuma ya kioo, anaandikisha wageni. Wiki ya saba, jamaa mwenye kovu, aliyeachiwa kwa dhamana, alirudi mchana kweupe na mwenzake, akimtafuta mchukuzi aliyekuja kukaguliwa kidonda. Sajini akasimama mlangoni. Walimwangusha kwa pigo moja, kisha wakaanza kumkanyaga mbavu kwa zamu. Ngongoti alibonyeza kengele ya polisi. Alihesabu mateke manne. La tano hakulingoja.

Alitoka na kitanda cha magurudumu, akakisukuma kwa nguvu zote za ile miguu mirefu, na kuwabana wote wawili ukutani kwa chuma cha ubavuni. Aliegemea. Wakalia, wakatukana, wakarusha ngumi zisizofika. Mwenye kovu peke yake alichomoa mkono wenye wembe na kumchana kiwiko, mkwaruzo ambao zamani angeufuta kwa mate. Ulitoka damu mpaka ikajaa kiatu. Polisi walipowafunga pingu, bado inatiririka. Muuguzi aliukandamiza nusu saa nzima ndipo ikakoma.

Sajini alivunjika mbavu tatu, akapona. Daktari alimgombeza Ngongoti hadi sauti ikamkauka. Mumewe hakugomba. Alimkata ile sare yenye damu kwa mkasi wake wa kazi, kipande kwa kipande, akamvua.

"Mimi nilioa mtu," akasema, "sikuoa mlango."

Ngongoti alilia, mara ya kwanza tangu msiba wa baba yake. Alilia kwa hasira zaidi ya woga, kwa sababu kazi ile ndiyo pekee iliyowahi kuushukuru mwili wake.

Miezi mitatu ilipotimia bonge lilikuwa limenywea. Moyo bado ulikorogeka mara mojamoja, na vidonge vya kuutuliza akaendelea navyo. Mlangoni hakurudi. Hospitali ilimpa kufundisha walinzi wapya namna ya kumkaba mtu bila kumuumiza, na wanaogopa zamu yake kuliko wanavyoogopa visu. Kila baada ya saa moja huwaamuru waache kusimama kama nguzo, watembee, wainue visigino. Aliye mrefu na mguu mmoja umevimba humtoa darasani papo hapo na kumpeleka kwa daktari yeye mwenyewe, amemshika ukosi.