Tarehe Zilizopitishiwa Wino

Tangu nesi Severina aondoke, hakuna anayesoma jedwali la chanjo kwa sauti siku ya kliniki. Wanawake hukaa kwenye benchi la zahanati, nje kidogo ya Igowole, watoto wakiwa wamefungwa migongoni kwa vitenge viwili kwa sababu ya baridi. Huitwa mmoja mmoja na kuondoka. Ile sauti yake kavu iliyokuwa ikisema, "Huyu bado sindano mbili, arudi tarehe tisa," haipo. Kina mama wengine hugeuza shingo kuelekea mlango wa chumba cha chanjo, halafu hukumbuka.

Alizaliwa huku huku, mtoto wa karani wa kupima majani ya chai. Baba yake alichora mistari ya karatasi zake kwa rula ya mbao iliyokatika ncha, na Severina alijifunza kuchora mstari kabla ya kujua kuandika jina lake. Alisomea uuguzi Mbeya, akarudi na ile rula kwenye begi. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, hakuzaa. Hakuwa mcheshi. Lakini kadi ya mtoto aliyepitwa na chanjo ilipowekwa mezani kwake, uso wake ulitulia.

Familia za kwetu hushuka Ubaruku, bonde la Usangu, kuvuna mpunga na kupanda tena milimani kazi ikiisha. Mtoto huanza chanjo huku, huendelea kule, hukatishwa katikati. Kadi hurudi imekunjwa mara nne, ina vumbi la Usangu na visanduku vitupu. Severina alikuwa na kauntabuku kubwa kwa watoto hao. Kwanza aliandika tarehe ya kuzaliwa. Kisha alichora jedwali: jina la chanjo, umri unaotakiwa, tarehe iliyotolewa, dozi zilizokosekana, tarehe ya kurudi. Alihesabu miezi kwa vifundo vya ngumi, kifundo siku thelathini na moja, bonde pungufu.

"Nesi anahesabu kama padri na Kwaresima," Blandina, muuza vitumbua wa getini, alimtania siku moja.

"Kwaresima ikikosewa watu wanakula nyama mapema," Severina alijibu. "Hii ikikosewa je?"

Mama aliyechelewa aliogopa kuambiwa mtoto aanze upya. Severina alimtuliza: dozi iliyotolewa haipotei. Mtoto huendelea pale alipoishia, na kati ya dozi na dozi ya chanjo ileile zipite angalau wiki nne. Chanjo tofauti zilizopita wakati wake zaweza kutolewa siku moja. Aliyesema hayo hakukosea hesabu hata mara moja, na ni vizuri hilo lijulikane kabla ya yanayofuata.

Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili Januari 2024, bibi Marta aliingia na mjukuu wake Aroni.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Nimekuletea huyu. Mama yake alikuwa naye Ubaruku. Sasa yuko kwangu."

Severina alifungua kadi. Aroni alizaliwa tarehe sita Machi 2023, akapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio siku hiyo. Chanjo za wiki sita zilitolewa palepale Igowole, tarehe kumi na saba Aprili. Za wiki kumi zilichelewa, zikatolewa Ubaruku tarehe kumi na mbili Juni. Katika visanduku vya dozi ya tatu, na cha polio ya sindano, paliandikwa tarehe kumi Julai. Katika surua ya kwanza, inayotolewa miezi tisa, tarehe sita Desemba. Zote kwa wino wa bluu.

Alijaza jedwali. Kuanzia kumi na mbili Juni hadi kumi Julai ni wiki nne kamili. Kuanzia kuzaliwa hadi sita Desemba ni miezi tisa kamili. Safu ya dozi zilizokosekana ilibaki tupu. Kwenye safu ya mwisho aliandika mstari mmoja: surua ya pili, miezi kumi na minane, tarehe sita Septemba 2024.

"Umebahatika, bibi. Mama yake alikuwa makini."

"Alikuwa," Marta alisema.

Nje palikuwa na wanawake ishirini na mmoja. Severina alisikia neno hilo akalipita.

Juni, ukungu ukiwa mzito hadi saa nne asubuhi, surua ilifika vijijini. Marta alimleta Aroni akiwa na macho mekundu, kikohozi, na vipele vimeshuka hadi tumboni. Mbavu zilikuwa zikibonyea kila alipovuta pumzi. Alipewa vitamini A, akapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Siku ya nne nimonia ilimchukua. Alikuwa na miezi kumi na mitano.

Kila mgonjwa wa surua huulizwa habari za chanjo yake. Severina alijua kwamba wapo wachache wanaochanjwa na bado wakaugua, lakini alitoa kauntabuku akampigia Jackline, muuguzi wa zahanati moja ya Ubaruku.

"Ninaye," Jackline alisema, kurasa zikisikika. "Aroni, mama Faustina. Kumi na mbili Juni ndiyo ya mwisho, dada."

"Na kumi Julai?"

"Hakuja. Hiyo ni tarehe ya kurudi. Sisi huwa tunaiandika kwa penseli ndani ya kisanduku, ili mama asipotee. Na ya surua pia tunamwekea kabisa. Akija, tunapitishia wino."

"Hii ina wino."

"Basi si wetu," Jackline alisema.

Severina alitembea hadi kwa Marta. Msibani bado kulikuwa na majamvi. Aliuliza kwa sauti ya chini nani alimpeleka Aroni kliniki mwezi Desemba.

"Nani angempeleka? Faustina tulimzika Oktoba, nesi. Mtoto tulikuwa naye hapa." Marta alifikiri. "Kadi ndiyo kitu alichoniachia mkononi. Akasema, mama, itunze. Ile penseli ilikuwa inafutika. Nikamwambia Saulo, kaka yake Faustina, apitishie kalamu, zisipotee. Alikosea?"

Severina alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Hakukosea, bibi. Mimi sikukuuliza."

Siku ile ya Januari dozi zote za tatu, polio ya sindano na surua ya kwanza zingetolewa pamoja, kwa dakika chache. Na hata mwenye shaka angeweza kutoa, kwa kuwa surua ya ziada haimdhuru mtoto.

Hakuna aliyemshtaki. Mganga wa zahanati alimwambia kwamba kadi ndiyo ushahidi, na kadi ilisema amechanjwa. Severina alirudi kwenye kauntabuku, akachukua rula ya baba yake, akaongeza safu ya sita katika kila jedwali ambalo halijakamilika: *Nani alimpeleka?* Ilimchukua wiki mbili. Aliowatilia shaka aliwaulizia kwa simu, na watoto saba waliitwa wakachanjwa. Jedwali la Aroni hakuliongezea kitu. Tarehe sita Septemba ilipofika aliufungua ukurasa huo asubuhi, akaufunga jioni.

Mwezi huohuo aliomba uhamisho. Blandina alimuuliza kama anakimbia maneno ya watu.

"Maneno gani? Hakuna anayesema."

"Basi unakwenda kufanya nini kwenye joto lile na mbu?"

"Kuna penseli kule," Severina alisema.

Marta alimsindikiza hadi barabarani na kilo mbili za maharage.

Severina sasa yuko Ubaruku, meza moja na Jackline, na tarehe za kurudi huandikwa kwenye karatasi ya pembeni iliyobanwa kwa pini nyuma ya kadi.