Mfuko wa Arobaini na Sita

Mratibu wetu aliamini kwamba warsha bila fulana si warsha. Mimi nilikuwa na miezi miwili kazini, umebaki mmoja wa majaribio, na kazi niliyopewa ili nipimwe nayo ilikuwa mifuko ya washiriki. Shirika letu ni dogo, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Karatu, na linahusika na afya ya mifugo. Warsha ilikuwa ya siku mbili, kwa watu wanaotibu mifugo vijijini: kumi na tano kutoka Buger, kumi na tano kutoka Soitsambu na kumi na tano kutoka Kakesio. Mfadhili alikubali shilingi elfu ishirini kwa kila mshiriki, na angelipa kwa kufuata saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Saini moja, mfuko mmoja. Mfuko utakaozidi ungekuwa wangu, kwa maana ya kulipiwa na mimi.

Kabatini niliyakuta masalia ya warsha iliyopita: vikombe vya udongo vyenye nembo yetu. Vilivyopelekwa vijijini vilifika vipande vipande, kwa sababu barabara haina habari na nembo. Nikajiwekea kanuni moja tu. Kitu kiingie mfukoni endapo mshiriki angekubali kukinunua kwa pesa yake mwenyewe.

"Fulana na flashi," mratibu akasema. "Fulana kwa ajili ya picha, flashi kwa ajili ya mada."

Fulana ya kuchapwa mbele na nyuma ilikuwa elfu kumi na mbili. Zaidi ya nusu ya mfuko ingeliwa na nguo ambayo nusu ya washiriki wangeivaa chini ya shuka. Kuhusu flashi, nilimwambia kwamba ndama hana tundu la kuichomekea, na tundu alilonalo linafaa zaidi kipimajoto. Nilikuwa na mdomo siku zile. Mratibu hakucheka, ila aliandika "kipimajoto" kwenye karatasi, nami nikajua nimeshinda.

Hesabu ilinichukua siku tatu. Fundi cherehani mmoja, mama wa jirani na soko, alikubali kushona mfuko wa turubai kwa elfu sita na mia tano, mishikio ipigwe nyuzi mara mbili. Kuchapa nembo ilikuwa mia tano kwa mfuko. Daftari la jalada gumu, elfu mbili na mia tano. Kalamu, mia tano. Kipimajoto, elfu nne. Tochi ya kuvaa kichwani, elfu tano, maana ng'ombe huzaa saa anayotaka yeye, na anayemzalisha anahitaji mikono yote miwili. Jumla elfu kumi na tisa. Ikabaki fremu ya kuchapia nembo, elfu arobaini na tano, ambayo hulipwa mara moja tu, uchape mfuko mmoja au elfu. Ukiigawa kwa watu arobaini na tano, ni elfu moja moja. Elfu ishirini kamili. Wangekuja thelathini, fremu ingepanda hadi elfu moja na mia tano kwa mtu, na mimi ningekuwa nimevuka kiwango bila kununua hata sindano.

Kwa hiyo idadi ilikuwa ndiyo roho yangu. Buger walinitumia orodha kwa simu siku ile ile. Soitsambu vivyo hivyo. Kakesio nilimpigia mwenyekiti wa wafugaji, mzee mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo mzee. Naomba kujua watakuja watu wangapi."

"Marahaba binti. Kwetu watu hawahesabiwi."

"Mzee, nahitaji idadi kwa ajili ya mifuko."

"Mimi nitakutajia majina, wewe fanya unavyofanya huko kwenu."

Akataja, mmoja mmoja, na kila mmoja na kazi yake, nami nikachora mstari kwa kila jina. Wa kumi na tano alikuwa mama mmoja. Barua ya mwaliko tulikuwa tumemwandikia mumewe, lakini mzee alisema mume yuko mbali, anachunga ng'ombe, na hata angekuwepo, anayetibu ndama ni mama. Nikachora mstari wa kumi na tano. Nikamwagiza fundi mifuko arobaini na tano.

Asubuhi ya warsha wote walifika. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi nikigawa mifuko kwa kila anayesaini, na sitasema uongo, nilijisikia vizuri sana. Yule mama wa Kakesio alisaini kwenye mstari wa mumewe, akaketi, akatoa kipimajoto, akaniuliza kinakaa muda gani ndani ya ndama. Nikamwonyesha. Akakiwasha na kukizima mara tatu, akakifunga kwenye pembe ya khanga yake.

Saa nne akaingia mgeni rasmi.

Mgeni rasmi hasaini karatasi ya washiriki. Kwa hiyo sikumhesabu. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa warsha nchi hii angenicheka, maana unaweza kusahau chai lakini si mgeni rasmi. Mratibu alinivuta kando, akatazama meza tupu ya mifuko, kisha akatazama ukumbi.

"Yule mama pale. Barua si ya mume wake?"

"Ni ya mume wake."

"Basi hakualikwa. Chukua mfuko."

Nilikuwa na daftari langu mkononi, na mstari wa kumi na tano ulikuwa humo. Ilitosha kusema kwamba mwenyekiti wao ndiye aliyemtaja, na kwamba ndiye anayeifanya kazi yenyewe. Mdomo wangu wote ule ukaniishia. Niliwaza kodi ya chumba, nikawaza ule mwezi mmoja uliobaki.

Nilimwinamia yule mama nikamwambia kuna tatizo kidogo la orodha. Hakubishana. Akarudisha daftari mfukoni, kalamu, tochi. Akafungua pembe ya khanga.

"Hiki nikae nacho?" akauliza.

"Mfuko lazima uwe kamili, mama."

Akakitia ndani, akanipa. Aliendelea kusikiliza mafunzo siku zote mbili, mikono ikiwa mapajani.

Mgeni rasmi alihutubia dakika nane kuhusu thamani ya mifugo, akapokea mfuko mbele ya kamera, akaondoka kabla ya chai. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Dereva wake aliuweka mfuko kiti cha nyuma, juu ya mifuko mingine mitatu ya warsha nyingine.

Taarifa yangu kwa mfadhili haikuwa na kosa hata moja. Saini arobaini na tano, mifuko arobaini na tano, elfu ishirini kwa kila mshiriki. Saini ya yule mama ndiyo iliyolipia mfuko wa mgeni rasmi. Mwezi uliofuata nilithibitishwa kazini, na barua ilisifu umakini wangu. Niliisoma nikaona aibu. Niliitia kwenye droo nikaenda kula.

Tulipopanga warsha ya pili nilimpigia tena mwenyekiti wa Kakesio. Safari hii bajeti niliiandaa na mgeni rasmi akiwemo, na mifuko miwili ya akiba. Mzee akataja majina taratibu, nami nikachora. Akaishia la kumi na nne.

"Na yule mama, mzee? Safari hii tunamwandikia barua yake mwenyewe."

"Nilimwambia mapema."

"Akasemaje?"

"Amesema mfuko wake umpe huyo mgeni wenu," mzee akajibu. "Yeye ndama wanamngoja."