Fungu la Salamabila

Mahamudu wa Kasongo aliuza vitenge, kama baba yake na babu yake, na alipima kitambaa kwa mkono bila kupunja mtu hata upana wa kidole. Ndiyo maana chama cha wachuuzi wa barabara ya Salamabila kilimfanya mjumlishaji wa kura. Cheo hicho alikipenda kupita kiasi. Siku ya kujumlisha alivaa kanzu ya Idi, ungedhani yeye ndiye mgombea.

Wagombea walikuwa wawili: Faradji wa Kasongo, hodari wa kuchekesha watu, na Honorine wa Salamabila, muuza chumvi na mafuta ya mawese, mwanamke wa maneno machache. Chama kilikuwa na mabati ya kutosha paa moja tu la soko. Atakayeshinda ndiye angeamua paa liende wapi, na Honorine alikuwa amewaahidi akina mama wenzake kwamba mwaka huu chumvi yao haitanyeshewa tena.

Watu walipiga kura Kasongo, Wamaza na Salamabila. Kila kituo kilisoma kura kwa sauti, kikachora kijiti kwa kila kura, kikaandika chini idadi ya karatasi zilizotoka sandukuni. Kujumlisha kulikuwa kwa Kasongo peke yake, ili ngoma na matusi visianze kabla ya wakati. Kasongo na Wamaza walichora kama tulivyofundishwa shule: vijiti vinne vimesimama, cha tano kinavikata.

Vituo hivyo viwili vilimpa Faradji kura mia moja kumi na mbili, Honorine sitini na sita. Karatasi ya Salamabila ilifika mwisho kwa pikipiki, imejaa matope. Mahamudu hakuhesabu vijiti vya ndani ya kila fungu. Mzoefu huhesabu mikato tu. Honorine alikuwa na mafungu kumi na moja na vijiti vinne: hamsini na tisa. Faradji mafungu matatu na vijiti viwili: kumi na saba. Jumla ya vituo vyote, Faradji mia moja ishirini na tisa, Honorine mia moja ishirini na tano.

Ndipo akaona maandishi ya chini: karatasi tisini, zilizoharibika hakuna. Alizohesabu yeye zilikuwa sabini na sita. Kumi na nne hazikuonekana. Mahamudu alikuna kichwa, akatazama nje. Watu wa Faradji walikuwa wameshainjika pilau. Akajisemea kwamba wale wa Salamabila ni watu wa machimbo ya dhahabu, walevi, nani ajuaye karatasi wamezipeleka wapi. Akatoka, akatangaza jumla kuu, vigelegele vikapigwa.

Paa likajengwa Kasongo.

Mvua ziliporudi alikwenda Salamabila na mzigo wa vitenge. Kando ya shimo moja la dhahabu alimkuta Bienvenu, kijana aliyechora kura za kituo kile, akihesabu mifuko ya mawe kwenye ubao. Mahamudu akatazama kipande cha kaa kikichora vijiti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, vyote vimesimama. Cha sita ndicho kikavikata.

"Wewe, mbona iko sita?"

"Ni vile tunahesabu huku, Papa. Tano ni ya bachimbaji, ya sita ni ya mwenye shimo."

"Na kura? Ulichora vilevile?"

"Mukono wangu unajua hii tu, Papa."

Mahamudu aliketi juu ya mzigo wake. Sita mara kumi na moja, na nne: sabini. Sita mara tatu, na mbili: ishirini. Tisini kamili. Honorine alikuwa ameshinda, mia moja thelathini na sita kwa mia moja thelathini na mbili. 

Alimkuta Honorine sokoni chini ya turubai lililotoboka, akamweleza yote, akimtaja Bienvenu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Honorine alisikiliza huku akisogeza magunia yasifikiwe na maji.

"Bienvenu hana kosa. Kukosea hesabu, hiyo inafika kwa kila mutu," alisema. "Lakini uliona batu kumi na ine banakosekana, Papa Mahamudu. Kama bangekuwa ba Kasongo, ungenyamaza?"

Mahamudu alilijua jibu. Angekuwa amemrudisha mwenye pikipiki saa ileile, na pilau ingengoja.

"Nisingenyamaza," alisema. "Nitakwenda kuyasema haya mbele ya wote."

"Kayaseme," Honorine alijibu. "Sasa nisaidie kubeba hii chumvi, inaloa."