Kiwanda, Mto na Alama Moja

Mimi si mtu wa kusifia wanafunzi. Waulize niliowafundisha pale chuoni Kahama, watakwambia yule madam ana mdomo, na kalamu yake nyekundu haina huruma. Ni kweli, wala sijutii. Lakini yupo mwanafunzi mmoja ambaye nikimkumbuka kifua kinanijaa, na leo nitamsifia mpaka nichoke mwenyewe.

Alikuwa mama wa makamo, msimamizi wa zamu kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu upande wa Nyarugusu. Pale wananunua marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wadogo wameshauosha wakachoka nao. Wanaujaza kwenye matenki makubwa ya saruji, wanapitisha maji yenye sumu ya sayanidi, na dhahabu iliyobaki inayeyuka na kutoka na maji, kisha inanaswa na makaa maalumu. Maji yanazungushwa kurudi kazini, na yanayozidi yanakaa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nzito. Chini ya bwawa hilo kuna kijito ambacho kiangazi kinabaki mchanga mtupu, na watu wanachimba visima humo humo mchangani wapate maji ya kunywa. Tajiri wa mtambo ndiye aliyemlipia masomo ya Jumamosi, maana alitaka msimamizi mwenye cheti cha kuonyesha wageni.

Somo langu lilikuwa maadili ya biashara. Kila mwaka nilianza na kesi ile ile ya kwenye kitabu: kiwanda cha rangi kinamwaga uchafu mtoni, na kiwanda hicho hicho kimeajiri nusu ya mji. Maswali yake ni manne. Nani wanaguswa na jambo hili? Kiwanda kina wajibu gani kwa kila mmoja wao? Kifungwe au kisifungwe? Na la mwisho: ungekuwa wewe meneja, ungefanya nini?

Mwaka ule majibu yalinichefua. Upande huu wa darasa walisema kifungwe, uhai kwanza. Upande ule wakasema kisifungwe, njaa nayo inaua. Waliobaki, wale wajanja wa kila darasa, wakasema "tuangalie pande zote mbili," halafu wakaweka kalamu chini wakaniangalia nipige makofi.

"Mmeangalia. Mmeona nini sasa?" nikawauliza.

Wakainamia madaftari yao. Hapo hasira zikanipanda. Nikawaambia wasukume viti, wakae duara, tufanye dagashida. Kwa asiyejua mambo yetu Wasukuma, dagashida ni mkutano wa kimila ambako kijiji kizima kinakaa kumhukumu mtu aliyewakosea wenzake. Anatozwa ng'ombe, ng'ombe anachinjwa, wanakula wote pamoja na mkosaji mwenyewe, na jambo linaishia hapo. Ukishaila ile nyama huna ruhusa ya kulifufua tena. Nilijiona nimegundua jambo kubwa, nikuambie ukweli. Nilishaanza kuona makala yangu kwenye jarida la chuo.

Darasa likachangamka. Kijana mmoja wa Isaka, karani wa mizigo kule bandari kavu, akajifanya mwenye kiwanda, akakaa na kitambi cha kuazima, sweta alilolisokomeza ndani ya shati. Wenzake wakamsomea makosa, wakamtania, wakambana, mwisho wakamtoza fahali mmoja mnono. Akakubali haraka haraka. Watu wakapiga makofi, kesi imekwisha, ajira zimebaki na kijiji kimeheshimiwa. Mama wa Nyarugusu hakupiga makofi.

"Madam, naomba kusema," akasema. "Huyo fahali mimi namjua. Nilimpeleka mimi."

Tukamgeukia. Akaeleza bila kupaza sauti. Masika yaliyopita bwawa lao lilifurika kidogo likaingia kijitoni, mbuzi wakafa, tajiri akampa fahali apeleke kijijini. Wazee wakamchinja, wakala, na yeye akala nao, kwa sababu mbebaji wa faini hawezi kukataa nyama.

"Ilikuwa tamu," akasema. "Na tulipomaliza kula hakuna aliyekuwa na mdomo wa kuuliza kama ukuta wa bwawa umeinuliwa. Haujainuliwa mpaka leo. Dagashida inamaliza ugomvi wa watu, madam. Ukinitukana, nyama inatosha. Lakini maji hayakugombana na mtu."

Nilikaa. Yule karani wa Isaka akatoa kitambi chake taratibu, na hakuna aliyecheka. Basi tukaanza upya, na saa iliyofuata ndiyo saa bora niliyowahi kufundisha. Tulisema kwamba faini ikilipika kirahisi inageuka kuwa bei ya kuchafua. Kwamba wajibu wa kwanza ni kuzuia madhara, fidia inafuata nyuma. Kwamba swali la kufunga au kutofunga ni mtego, kwa sababu linaficha yote yanayowezekana hapo katikati, kama vile kusimamisha kazi kwa muda na kutengeneza. Nilirudi nyumbani nikiimba barabarani kama mlevi wa pombe ya mtama.

Mvua zikaanza mapema. Jumamosi mbili mfululizo kiti chake kikawa kitupu, na mimi, kwa hasira zangu, nikasema mbele ya darasa kwamba watu wazima wakilipiwa ada hawaithamini. Siku ya mtihani akaja. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu mpaka juu, na viganja vimechubuka. Akanisalimia kwa heshima zote, akakaa nyuma, akaandika bila kuinua kichwa.

Mtihani ulikuwa na kesi ile ile na maswali yale yale manne. Nilipoanza kusahihisha, jibu la nne la kila mtu lilianza na "Ningekuwa meneja ningehakikisha." Ningehakikisha, ningehakikisha, mpaka likanitoka masikioni. La kwake lilianza hivi: "Nimeshafanya."

Bwawa lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Tajiri alipiga simu kutoka Mwanza akamwamuru afungue bomba la kuelekea kijitoni, siku moja tu, mvua itachanganya, nani atajua. Akakataa. Alisimamisha matenki yote, akapampu maji ya bwawa kuyarudisha kwenye matenki yaliyokuwa matupu, na akataka mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mlimani yasiingie bwawani. Lakini mfereji unachimbwa na watu, na vibarua walikuwa wamemkasirikia, kwani kibarua asipofanya zamu hapati chakula. Wakamwambia usoni kwamba yeye ana cheti na wao wana watoto.

Akawakalisha duara pale pale kwenye tope. Hakuuliza kifungwe au kisifungwe. Alitaka kila mmoja aseme tu mkewe au mama yake anachota wapi maji. Wakasema mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walichota kwenye visima vya mchangani, chini ya lile bomba. Wa mwisho alipomaliza kusema, wa kwanza alikuwa ameshachukua sepetu. Walichimba mfereji, wakajaza mchanga kwenye viroba, wakainua ukuta kwa mikono yao. Bwawa halikufurika. Mwisho wa jibu aliandika: "Mwenye mtambo anarudi Jumatatu. Ndipo nitajua kama bado nina kazi."

Niliweka kalamu chini. Nililia, ndiyo, mimi mwenye mdomo, kwenye ofisi ya walimu mchana kweupe, na mwenzangu wa hesabu akadhani nimefiwa.

Jumatatu tajiri akamsimamisha kazi. Jumanne akawa chuoni kwetu, mbele ya meza yangu, amevaa saa kubwa na uso umemkunjamana.

"Mwalimu, mimi nilimleta huyu mama ajifunze biashara," akasema. "Wewe umemfundisha kuzima mitambo. Watu wangu hawakuzalisha wiki nzima. Hizo ajira mnazozihubiri hapa atazileta yeye?"

"Tajiri, ulimlipia maadili ya biashara," nikamjibu. "Yamefika. Mzigo ukifika salama mtu hamgombezi dereva."

Nikampa karatasi ya mtihani, tupu, nikamwomba naye ajibu swali la nne. Alisoma kesi yote, kumbe ni msomaji makini. Akaniambia kiwanda kile cha rangi kina meneja mzembe. Halafu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Jibu sikulipata.

Mvua zilipopungua, wakaguzi wa mazingira wakashuka kukagua mitambo ya kando ya kijito kile. Mmoja ulifungwa, wenye bwawa lililobomoka, na vibarua wake wote wakarudi makwao mikono mitupu. Kwa tajiri wetu walikuta ukuta wa viroba umesimama na mfereji unapitisha maji ya mvua pembeni. Wakataka kuongea na aliyeusimamia. Sasa tajiri angesema nini, kwamba amemsimamisha kazi? Akampigia simu mama arudi kazini. Hakumwomba radhi, ila alipofika alikuta saruji na mawe vimeshushwa kando ya bwawa, vya kujenga ukuta wa kudumu. Kazi mbaya si mchezo mwema, lakini ile ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa yake.

Jumamosi iliyofuata akaja kuchukua karatasi yake. Darasa zima liliinuka aliposimama mlangoni, na sikuwaambia mimi. Yule karani wa Isaka akampokea mkoba. Nilisimama pale mbele nimenyoosha shingo kana kwamba ukuta ule niliujenga mimi.

Akaipitia karatasi, akatabasamu, halafu akasogea mezani kwangu.

"Madam, wabeja, asante sana kwa alama. Ila swali la kwanza umenikata moja."

Ndiyo, nilimkata. Mimi ni mimi. Aliulizwa nani wanaguswa, akaandika vibarua na wake zao, mwenye mtambo, wanaouza marudio, wanakijiji, mifugo, serikali, mpaka watoto ambao hawajazaliwa. Orodha nzuri kuliko ya kitabu.

"Umemsahau mmoja," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unapoteza kazi."

Akaisoma upya ile orodha yake, kidole kikishuka jina kwa jina.

"Ni haki yako kukata," akasema. "Lakini siku ile ningejikumbuka, madam, ningelifungua lile bomba."

Nikachukua kalamu nyekundu nikamrudishia alama yake.