Makofi ya Bibi Agnesi

Padre alikuwa hajamaliza swali. Midomo yake ilikuwa bado inacheza, kidole kimoja kikishikilia ukurasa wa kitabu, na ghafla kutoka kwenye kile kinywa chenye ndevu za mvi ikatoka sauti ya binti, nyembamba na yenye aibu: "Ndiyo, Padre, nimekubali." Lydia mwenyewe, bibi harusi, alikuwa ametulia tuli kama aliyekuja kusikiliza tu. Sauti ilipokwisha kupita ndipo midomo yake ilipofunguka, ikasema neno ambalo halikusikika.

Redempta aliangua kicheko mpaka shali ikamdondoka begani. Akarudisha nyuma, akatazama tena Padre akikubali kuolewa, akacheka tena. Mara ya tatu hakucheka, maana alikumbuka kwamba video hiyo ilikuwa ioneshwe kesho yake huko Mollo, mbele ya ukoo mzima.

Tumjue kidogo huyu Redempta. Ni mama wa makamo, mpiga video wa harusi, na hapa mjini Sumbawanga kuna watu hawaiiti harusi harusi mpaka wamwone amesimama juu ya kiti cha mtu bila kuomba ruhusa. Ana mdomo, ana mbio, na ana tabia moja mbaya ya kukata picha kwenye kompyuta huku sauti ameizima, kwa sababu muda huohuo anasikiliza mpira redioni. Tabia hiyo ndiyo iliyomfikisha hapa.

Kesho ilikuwa siku ya kuvunja kamati. Wanakamati wa harusi wangekula, wangekunywa, wangeitazama video waliyoichangia, kisha wangeagana kila mtu na njia yake. Hilo peke yake Redempta angelimudu, kwani watu walioshiba husamehe mengi. Aliyemtia jasho katika baridi ile ya Ufipa alikuwa mtu mmoja, mzee Shija, baba wa bwana harusi.

Mzee Shija ni Msukuma, mfugaji wa kule bondeni, upande wa Kaoze, na masikio yake yamechoka. Anachosikia ni kidogo. Kilichobaki anakichukua kwenye midomo ya anayesema. Ukiongea naye umegeuka pembeni, umeongea na ukuta. Siku ya harusi alichelewa njiani, akakuta kanisa limefurika, akasimama nyuma ya nguzo. Jioni yake alimshika Redempta mkono na kumwambia kwa upole, "Binti yangu, kanisani mimi nimeona migongo tu. Yonas wangu nitamsikia akioa kwenye televisheni yako." Redempta akamjibu kwamba asiwe na shaka. Watu wa mdomo huahidi haraka.

Sasa mzee kama yule ukimpa midomo inasema hivi na sauti inasema vile, umemnyang'anya hata kile kidogo alichonacho. Redempta alilijua hilo, akaona aibu peke yake chumbani. Akavuta kiti.

Jambo la kwanza alilofanya ndilo ambalo kila mtu angelifanya. Aliikamata sauti yote kwenye kompyuta, akaisogeza ianze baadaye kidogo, mpaka "ndiyo" ya Lydia ikaangukia kwenye midomo ya Lydia. Akapiga mluzi kwa furaha. Kisha akarudi mwanzo kuangalia maharusi wakifika mlangoni, na pale palipokuwa sawa tangu zamani pameharibika: watu wanacheka kwanza, kicheko kinafuata baadaye. Akaenda mwisho wa misa, na huko sauti bado ilikuwa inaitangulia picha. Ilikuwa kama blanketi fupi, ukifunika mabega miguu inapigwa na baridi.

Hapo akaelewa ugonjwa. Picha ilitoka kwenye kamera, lakini sauti haikutoka huko. Maiki ya kamera ilikufa kwenye harusi moja ya Muze, ilipomwagiwa togwa na mjomba mwenye furaha, na tangu hapo Redempta humwekea bwana harusi kirekodi kidogo mfukoni, na kimaiki kama kifungo kwenye kola ya koti. Kila mashine ina saa yake ndani. Ukizianzisha pamoja zinakwenda pamoja, lakini saa ya kile kirekodi cha bei poa ilikuwa mvivu, ikihesabu muda pungufu kila dakika, kidogo sana, kiasi ambacho huwezi kukiona. Misa ndefu ilipokwisha, sauti iliyorekodiwa ilikuwa fupi kuliko picha. Ndiyo maana mwanzo ulikuwa sawa, kwenye kiapo sauti ikawa imetangulia, na mwishoni ikawa imetangulia zaidi. Dawa haikuwa kuisogeza. Dawa ilikuwa kuivuta, iwe ndefu kama picha.

Ila ili uvute kitu unahitaji kukishika ncha zote mbili. Ncha ya mwanzo alikuwa nayo. Kila harusi, akishawasha mashine zote, Redempta hupiga kofi moja mbele ya kamera: kwenye picha unaona viganja vikikutana, na kwenye mchoro wa sauti panasimama mwiba mrefu. Unaweka mwiba juu ya viganja, kazi imekwisha. Na kofi la pili hulipiga mwishoni kabla ya kuzima. Siku ile, misa ilipokwisha, wanakwaya walitoka na vigelegele, mtu akamvisha Redempta shada la maua, akacheza. Kofi la mwisho halikupigwa.

Alijilaumu kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kifipa. Akaanza kutafuta kitu kingine chochote cha mwishoni chenye kishindo kinachoonekana. Mlango wa gari ulifungwa, lakini mgongo wa mtu umeuziba. Ngoma ilipigwa, lakini mpigaji alikuwa nje ya picha. Vigelegele havina ncha, vinaanza kama upepo. Alikuwa karibu kukata tamaa alipokumbuka kilichomo kwenye kapu la vipande alivyovitupa.

Mle ndani alikuwamo Bibi Agnesi, nyanya yake Lydia, bibi wa watu wa Mollo. Bibi Agnesi husalimia kama Wafipa wa zamani: anainama, anakunja viganja kidogo kama anayetaka kuteka maji, anapiga makofi ya taratibu, anauliza habari za nyumbani, anapiga tena, anauliza za shamba, anapiga tena. Hana salamu fupi. Vijana wa kamati walikuwa wamemsihi Redempta azikate zile salamu, video isije ikamalizikia kwenye habari za mahindi na ulezi, naye akazikata zote bila huruma. Bibi mwenyewe, kana kwamba alijua, alikuwa amemwambia siku ile ile, "Mwanangu, usinikate." Redempta alimwitikia vizuri sana, akaenda akamkata.

Akafungua kapu. Bibi yule pale, nje ya mlango wa kanisa baada ya misa, anamsalimia Yonas kwa mara ya kwanza kama mume wa mjukuu wake, kifua kwa kifua na kile kimaiki cha kola. Redempta alisogeza picha moja moja, polepole, mpaka akaiona ile ambayo viganja vimekutana. Upande wa sauti ikasimama miiba safi, mizuri, iliyopangana kama meno. Jaribio la kwanza alishika mwiba wa pili akauweka kwenye kofi la kwanza, na Bibi akabaki anapiga kofi moja la kimyakimya. Akacheka, akahesabu upya kuanzia pale ukimya ulipovunjika, akaupata wenyewe.

Akaifunga sauti kwenye kofi lake la mwanzo, akapunguza kasi yake chini ya asilimia mia kwa kijisehemu ambacho sikio la binadamu halikigundui, mpaka mwiba wa Bibi ukatua juu ya viganja vya Bibi. Kwa bahati, Redempta huwa anaunganisha picha na sauti kwenye mkanda mmoja mama, ndipo anakata vipande kutoka humo, hivyo ukimtibu mama watoto wote wanapona. Akaruka moja kwa moja hadi kwenye kiapo. Padre akauliza kwa sauti ya Padre. Lydia akajibu kwa midomo ya Lydia. Yonas naye akasema ndiyo yake, nzito, na kidevu kikatetemeka sawia na neno.

Redempta alisimama akacheza peke yake na shali. Kisha akamrudisha Bibi kwenye video, salamu ya kuingilia na salamu ya kutokea, bila kumpunguza hata kofi, akaiacha kompyuta ikitengeneza faili na yeye akajitupa kitandani.

Mollo kesho yake palinukia nyama. Turubai lilifungwa, televisheni kubwa ikapandishwa mezani, na Urbano, kijana wa muziki, akaleta spika zake mbili ndefu kuliko yeye. Mzee Shija aliwekwa kiti cha mbele kabisa, magoti yakikaribia kugusa meza. Redempta akampa shikamoo akiwa amemtazama usoni, na mzee akaitikia kwa tabasamu la mtu aliyekuja kuchukua haki yake.

Video ikaanza. Mlango wa kanisa, watu, Bibi Agnesi anainama, viganja vinakutana. Halafu, baadaye kidogo, pa.

Redempta aliruka akasimama. Viganja vikakutana tena, halafu pa. Lakini akili yake ya mbio ikagundua jambo: jana sauti ilikuwa inatangulia, na leo inachelewa, tena tangu kofi la kwanza kabisa. Huu ulikuwa ugonjwa mwingine. Akageuka kumtazama Urbano, ambaye alikuwa ameunganisha spika kwa blututhi, bila waya, akijisikia wa kisasa. Sauti inayosafirishwa hewani namna ile hufungashwa kwanza na kufunguliwa upande wa pili, na picha haiisubiri.

Alipita juu ya miguu ya wanakamati, akapindua sahani ya mtu, akachomoa waya kwenye begi lake, akachomeka upande huu televisheni, upande ule spika. Urbano alianza kujitetea kwamba waya ni mambo ya kizamani. Redempta alimwomba amtazame Bibi.

Viganja vikakutana: pa. Turubai zima likacheka bila kujua kwa nini. Na Bibi Agnesi mwenyewe, alipojiona pale juu mzima bila kukatwa, akajijibu kwa makofi kutoka kwenye kiti chake.

Kiapo kikafika. Mzee Shija alijisogeza mbele, macho kwenye midomo ya mwanawe. Midomo ikafunguka, spika zikasema, na uso wa mzee ukafunguka pamoja nayo.

"Amesema ndiyo," alimwambia jirani yake, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Nimemsikia."

Akapangusa macho na ncha ya mgolole wake. Kisha akainuka, akamfuata Bibi Agnesi pale alipokaa, na Msukuma yule mrefu wa bondeni akainama mbele ya bibi wa Kifipa, akakunja viganja kama alivyomwona akifanya kwenye picha, akapiga makofi. Hakuyapanga vizuri. Bibi akayapokea, akamjibu, akamuuliza habari za nyumbani, na za ng'ombe.

Siku hiyo Redempta hakuwa na kamera. Aliinama palepale alipokuwa, kando ya waya wake, akapiga makofi pamoja nao.