Kimya cha Tajiri

Kiwanda cha katani kilipofungwa, nyumba nzima tukawa tunamtegemea mjukuu wangu. Alikuwa amefanya usaili wa ukarani kwa tajiri wa duka la jumla. Wiki mbili, kimya! Akasema anakwenda kumwuliza. Kwetu posa ikinyamaziwa ndiyo imekataliwa, nikamwambia, "Usijidhalilishe."

"Bibi, hii kazi, siyo posa."

Nikamfuata hadi dukani.

"Shikamoo, mzee," akamwambia tajiri. "Nashukuru kwa usaili ule. Kazi bado naitaka. Naomba kujua jibu litatoka lini."

"Marahaba. Hatujaamua, namngoja mshirika wangu kutoka Mombasa. Njoo Ijumaa, baada ya swala."

Akashukuru, tukatoka. Kazi hatuna, ila hatujakataliwa. Nikamwambia, "Alhamisi nakufulia gauni."