Namba Saba na Koni ya Karanga

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi, nikifanya mafunzo ya kazi katika ofisi ndogo ya utafiti mjini Kigali. Msimamizi wangu, mama mtafiti mwenye sauti ya chini, alihoji wanawake wa Masaka, pembezoni mwa mji, kuhusu kupanga uzazi. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza kanda na kuandika kila neno.

Ni kazi ya subira, na yeyote anaweza kujifunza. Unasikiliza maneno matano au sita, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Kanda ya saa moja ilinilia siku nzima. Mhojiwa akitaja jina, la mtoto au la jirani, unaweka mstari mtupu. Kanda ilibandikwa namba tu. Daftari lenye majina na namba zake lilikaa kwenye kabati la msimamizi, na ufunguo ulikaa kwake. Baada ya hapo niliandika muhtasari wa ukurasa mmoja, kwanza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kifaransa.

Mwanamke wa namba saba alikuwa akichomwa sindano ya kuzuia mimba bila mume kujua. Mume alitaka mtoto wa kiume, na alikuwa amesema akigundua kitu kama hicho atamrudisha kwao, watoto wabaki. Niliandika muhtasari wake kwa uangalifu: mama wa mapacha mara mbili, wote wasichana, mke wa fundi wa redio. Jina halikuwemo. Nilijipongeza.

Rasimu zilitakiwa kuchomwa moto nyuma ya ofisi. Jioni moja mvua ilinyesha, nikaitupa ile ya Kinyarwanda kwenye kapu la takataka. Haina jina, nilijiambia.

Nilichosahau ni kwamba karatasi za ofisini hazikupotea mjini. Mlinzi aliziokota akawapa wauza karanga, nao wakazikunja koni. Siku mbili baadaye nilisimama kununua karanga kwa mama aliyekaa karibu na lango letu, nikauona mwandiko wangu umeloa mafuta.

"Hiyo karatasi iko na habari," alisema akicheka. "Nilisoma nikasahau kuuza. Si bibi ya yule fundi redio wa kwetu Masaka?"

"Sijui, mama."

"Dada, mapacha mara mbili, na fundi redio. Masaka yote iko moja tu. Uso yako ndiyo inajua."

"Naomba karatasi zote zenye mwandiko huu."

"Iko hiyo tu. Nunua karanga zake kwanza."

Nilinunua, nikazila zote nikiwa nimesimama pale, nikarudi na karatasi mkononi. Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Ulificha jina," alisema, "ukamwacha mtu. Ukimaliza muhtasari, usome kama wewe ni jirani yake. Usome kama wewe ni mumewe."

"Nikamwombe yule mama anyamaze?"

"Ukimwomba anyamaze umemjibu kwamba ndiye. Anayestahili kuambiwa kwanza ni mwenye habari."

Hatukuweza kwenda nyumbani kwake. Wageni wawili kutoka mjini wangeulizwa na mume. Tulingoja siku ya chanjo ya watoto, siku nne, tukamkuta kituo cha afya, na muuguzi akatupa chumba chake. Msimamizi alinitazama, kwa hiyo nilieleza mimi: mvua, kapu, koni, karanga.

Mwanamke alimhamisha mtoto bega la pili.

"Muuza karanga alikuja kwangu jioni ileile," alisema. "Akaniambia nijihadhari na watu wa ofisi."

"Amemwambia mtu mwingine?" aliuliza msimamizi.

"Anasema hapana. Mume wangu bado hajasema kitu. Kila akirudi naangalia mikono yake kwanza, kama ameshika karatasi."

Msimamizi alimweleza kwamba anaweza kubaki katika utafiti, tukiondoa mapacha na redio, au kujitoa, na hakuna atakayemlaumu.

"Niondoeni," alisema. "Na sauti pia."

Kesho yake tulichoma maandishi yote yaliyomhusu, na msimamizi akalikata jina lake daftarini mpaka lisisomeke. Kanda niliifuta mwenyewe. Kinasa sauti chetu hakikuwa na kitufe cha kufuta. Ilibidi kurekodi kimya cha chumba juu yake, upande wa kwanza nusu saa, wa pili nusu saa. Kisha nilivaa visikilizio nikahakiki mpaka mwisho. Ilisikika mashine ya kuandikia ya chumba cha pili, mlango, na kikohozi changu mara moja. Yeye hakuwemo tena.